Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mitihani: kigunduzi chetu kimepitwa na wakati

Ndugu Mkurugenzi,

Ripoti yako ya muhula huu inasema insha zilizoandikwa na akili mnemba zimepungua kwa zaidi ya nusu. Mimi nimo kwenye jopo linalosikiliza mashauri hayo, na nakuomba usishangilie kwanza. Huenda kilichopungua ni uwezo wa kigunduzi, programu tunayotumia kuzitambua insha hizo, kuona.

Kigunduzi hupewa lundo la maandishi ya watu na lundo la maandishi ya modeli fulani ya akili mnemba, kikajifunza kuyatofautisha: maneno yanatabirika kiasi gani, urefu wa sentensi unabadilikabadilika vipi. Kisha huwekewa kizingiti cha alama: insha ikikivuka, inahesabiwa kuwa ya mashine. Modeli ikifunzwa upya kwa data mpya, mazoea yake ya kuandika hubadilika, pengine hata jina lake kwenye skrini lisibadilike. Kizingiti hubaki palepale. OpenAI wenyewe, waliounda ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023. Katika majaribio yao kilinasa 26% tu ya maandishi ya mashine na kusingizia 9% ya maandishi ya watu. Julai mwaka huohuo wakakiondoa.

Linalonisumbua zaidi ni hesabu. Tuseme insha ni 1,000, na 100 ni za mashine. Kigunduzi kikiwa kipya kinanasa 90, na kinasingizia 1% ya zile 900 za watu, yaani 9. Wanaoitwa mbele ya jopo ni 99, na mmoja kati ya kumi na mmoja hana kosa. Modeli inabadilika, sasa kinanasa 30 tu. Wanafunzi wanaojiandikia hawajabadilika, kwa hiyo wanaosingiziwa bado ni 9. Wanaoitwa ni 39, na karibu mmoja kati ya wanne hana kosa. Kwenye ripoti itasomeka kwamba udanganyifu umeshuka kutoka 99 hadi 39!

Wiki iliyopita binti mmoja alitufungulia daftari lenye rasimu tatu zilizokatwakatwa kwa wino. Kigunduzi kilikuwa kimempa alama 87 kati ya 100.

Muuzaji akikutajia usahihi wa asilimia tisini na kitu, muulize: dhidi ya modeli ipi, ya mwezi gani? Halafu tujipimie wenyewe. Tutoe kabatini insha 200 za kabla ya Novemba 2022, ChatGPT ilipokuwa haijatoka, na tutengeneze nyingine 200 wiki hii kwa modeli wanazotumia wanafunzi sasa, kwa maswali yaleyale. Tuzipitishe zote, tuhesabu zilizonaswa na zilizosingiziwa, na turudie kila modeli inaposasishwa. Ni kazi ya siku mbili.

Jumatatu nina mashauri sita mezani. Manne hayana ushahidi wowote zaidi ya alama ya kigunduzi. Naomba yasimamishwe mpaka kipimo hicho kifanyike.

Wako,
Mjumbe wa jopo la nidhamu