Tovuti imelala kwa wote, au ni dukani kwako tu?

Mteja akitupigia simu kusema tovuti yake haifunguki, hatukimbilii kufungua seva. Tunamuuliza kwanza haifunguki kutoka wapi. Jibu la swali hilo huamua nani mwenye kazi: sisi tunaohifadhi tovuti, kampuni inayokuuzia intaneti, au mtu fulani hapo hapo dukani kwako. Na unaweza kulipata mwenyewe kwa amri mbili ambazo tayari zimo kwenye kompyuta yako.

Tuchukue kisa cha mteja wetu mmoja anayeuza vipuri vya magari katika soko la Kisekka, Kampala. Wanunuzi wake wengi wako upande wa Kongo, nao huangalia bei kwenye tovuti kabla ya kutuma pesa. (Jina la tovuti na anwani zote hapa chini tumezibadilisha.)

"Ndugu yangu, tovuti imekufa tangu asubuhi. Watu wa Bunia watanunua kwa nani?"

"Pole, mzee. Umejaribu kwenye simu?"

"Nimejaribu, ni vilevile."

"Simu iko kwenye waifai ya duka?"

"Ndiyo."

"Zima waifai, uwashe bando, halafu ufungue tena."

Akakaa kimya kidogo. "Eh! Imefunguka."

Watu wengi hukwama hapo. Simu na kompyuta zilizo kwenye waifai moja zinatoka nje kwa mlango mmoja, kwa hiyo kujaribu kwenye vyombo vitano hakukuambii lolote jipya. Kinachotakiwa ni njia ya pili, na ingefaa iwe ya kampuni nyingine kabisa. Kama waifai ya duka ni ya kampuni moja, tumia bando la kampuni nyingine. Njia iliyo bora zaidi ni kuwasha hotspoti ya simu na kuiunganisha kompyuta ile ile. Kompyuta ikiwa ni hiyo hiyo na kivinjari ni hicho hicho, tofauti yoyote utakayoiona imetoka kwenye njia.

Sasa fungua dirisha la amri. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, kisha Enter. Ukiwa bado kwenye waifai ya duka, andika hivi, ukiweka jina la tovuti yako mahali pa hili la mfano:

```
ping www.example.com
```

Ping hutuma ujumbe mdogo kwa seva na kungoja urudishwe, ikipima muda kwa milisekunde. Windows hutuma mara nne na kusimama. Kwenye Linux na Mac inaendelea mpaka ubonyeze Ctrl+C. Usitazame tu kama imejibu. Soma maneno yenyewe. Ukiona `could not find host`, kompyuta yako haijaweza hata kulibadilisha jina kuwa namba, na hapo mara nyingi tatizo ni la DNS, yaani mfumo unaofanya kazi hiyo ya kubadilisha, au jina la tovuti limekwisha muda wake. Ukiona `Destination host unreachable` na anwani iliyo mbele ya maneno hayo inaanza na 192.168, ujumbe haujatoka hata dukani. Angalia waya na ruta kabla ya kumlaumu mtu. Na `Request timed out` maana yake ni kwamba ujumbe umetumwa na hakuna jibu lililorudi. Basi. Haisemi umepotelea wapi.

Mzee wa Kisekka aliona `Request timed out` mara zote nne. Kwenye hotspoti ya simu, ping ile ile ilijibiwa mara zote kwa milisekunde 170 hivi. Namba iliyo kwenye mabano, yaani anwani ya IP ya tovuti, ilikuwa moja pande zote mbili: 203.0.113.25. Usiache kuilinganisha namba hiyo. Tovuti ikihamishwa kwenda seva mpya, ruta ya duka inaweza kuendelea kukumbuka anwani ya zamani kwa saa kadhaa huku simu ikienda kwenye mpya. Namba zikitofautiana, jaribu `ipconfig /flushdns`, zima na uwashe ruta, kisha urudie. Zikiwa sawa, kama kwa mzee, DNS haina kosa na unaenda hatua inayofuata. (Tovuti kubwa kama za Google hutoa namba tofauti kwa makusudi, kwa hiyo usizitumie kujifunzia hili.)

Traceroute ndiyo inayoonyesha ujumbe umefika wapi. Kwenye Windows amri yake inaandikwa `tracert`, na `-d` inaizuia kupoteza muda ikitafuta majina ya ruta:

```
tracert -d www.example.com

  1     2 ms     1 ms     1 ms  192.168.1.1
  2    11 ms     9 ms    12 ms  198.51.100.1
  3    13 ms    14 ms    12 ms  198.51.100.9
  4     *        *        *     Request timed out.
  5   172 ms   169 ms   171 ms  198.51.100.62
  6   173 ms   171 ms   172 ms  203.0.113.1
  7     *        *        *     Request timed out.
  8     *        *        *     Request timed out.
```

Ujanja wake ni rahisi. Kila ujumbe unaotoka hubeba namba ndogo inayoitwa TTL, na kila ruta unayopitia hupunguza moja. Ikifika sifuri, ruta hiyo huutupa ujumbe na kumwarifu aliyeutuma. Traceroute huanza na moja, kisha mbili, kisha tatu, na hivyo kila ruta njiani hujitaja kwa zamu yake. Kila hatua hujaribiwa mara tatu, ndiyo maana unaona safu tatu za muda. Kikomo cha kawaida ni hatua 30.

Mstari wa 1 ni ruta ya duka. Wa 2 na wa 3 ni kampuni ya intaneti. Wa 4 una nyota tupu, na hapa ndipo wateja wengi hutupigia simu wakisema wameuona mkatiko. Sio mkatiko. Ruta nyingi zimewekwa zisijibu maulizo kama haya, ingawa zinapitisha ujumbe bila shida. Utajuaje? Mstari wa 5 umejibu, na ujumbe haukuwa na namna ya kufika wa 5 bila kupita wa 4. Nyota zilizo katikati zipuuze. Zinazofaa kukushughulisha ni zile zinazoanza mahali fulani na kuendelea mpaka mwisho.

Kuruka kutoka milisekunde 14 hadi 172 nako si ugonjwa. Uganda haina bahari. Ujumbe unaokwenda Ulaya lazima upite Kenya au Tanzania kwanza, ndipo uingie kwenye nyaya za chini ya bahari. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi, hata mitambo iwe mizuri namna gani. Mruko mmoja mkubwa unaobaki pale pale mpaka mwisho ni umbali tu.

Mwezi wa Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika pwani ya Afrika Kusini, hali ilikuwa tofauti: njia ya kutoka nje ndiyo iliyosuasua. Ukikutana na kisa cha namna hiyo, usiipime tovuti moja tu. Pima yako, kisha nyingine ya nje, kisha moja ambayo seva yake iko Kampala. Ile ya hapa ikijibu haraka huku za nje zote zikisuasua, tovuti yako ni nzima. Njia ya kutoka nchini ndiyo iliyobanwa, nasi hatuna cha kukurekebishia.

Turudi Kisekka. Nyota za mzee zilianza mstari wa 7 na hazikukoma. Zingekuwa peke yake zisingethibitisha kitu, maana kuna seva zinazofanya kazi vizuri lakini zimeamriwa zisijibu ping. Lakini tulikuwa na kipimo cha hotspoti, na kupitia huko seva ile ile ilijibu. Kwa hiyo si seva isiyojibu ping. Ni seva isiyomjibu yeye. Na mstari wa 6, 203.0.113.1, ni ruta ya kituo cha data, mlango wa mwisho kabla ya seva yetu. Ujumbe wake ulitoka Kampala, ukavuka bahari, ukafika mlangoni, ukanyamaziwa hapo. Ungekufa mstari wa 2 au wa 3, tungemwelekeza kwa kampuni yake ya intaneti. Kufia hatua ya mwisho kwa njia moja tu kunaelekeza kidole kwenye ukuta wa ulinzi wa seva.

Tukamwomba anwani yake ya nje, ile inayoonekana ukitafuta "what is my IP" kwenye Google ukiwa kwenye waifai ya duka, tukaitafuta kwenye kumbukumbu za seva. Ilikuwemo, imefungwa alfajiri ile. Sababu: neno la siri la barua pepe limekosewa mara nyingi mfululizo. Mzee alikuwa amelibadilisha jioni iliyotangulia, lakini tableti iliyo stoo ilikuwa bado na la zamani, na kila dakika chache ilikuwa inabisha hodi na kukataliwa. Seva ikaichukua kuwa mwizi anayebahatisha. Kwa kuwa duka zima linatoka nje kwa anwani moja, kosa la tableti likawafungia wote.

Hiki ndicho kisa tunachokutana nacho zaidi pale tovuti inapokuwa nzima kwa wengine na imelala kwako. Ping na traceroute vilitufikisha mpaka mlangoni. Jina la mkosaji lilitoka kwenye kumbukumbu za seva, na hizo unazipata kwetu tu.

Kwa upande wa pili, tovuti ikigoma kwenye waifai na kwenye bando la kampuni nyingine, na mtu wa Nairobi au Bunia naye akakuambia haioni, hapo imelala kwa wote, tupigie mara moja. Tahadhari moja tu: ping kujibu si ushahidi kwamba tovuti inafanya kazi. Mashine inaweza kuwa hai huku programu ya tovuti imeanguka, na ukaona namba kama 500 au 503 kwenye kivinjari. Na kama tovuti yako iko nyuma ya Cloudflare, huduma inayopokea wageni kabla hawajafika kwenye seva, anayejibu ping ni Cloudflare, si seva yako. Hapo soma namba ya kosa kwenye ukurasa: 521 au 522 maana yake Cloudflare wenyewe wameshindwa kuifikia seva, na hilo litampata kila mgeni.

Unapotuandikia, tutumie picha za `tracert` zote mbili, ya waifai na ya hotspoti, pamoja na saa ulizozipima na anwani yako ya nje. Zipige kabla ya kuzima ruta. Kwenye laini nyingi, kuzima na kuwasha ruta hukupa anwani mpya ya nje, tovuti ikafunguka, ukadhani imepona. Tableti iliyo stoo ikiamka na neno la siri la zamani, anwani hiyo mpya nayo itafungwa, na kumbukumbu tutakazokuwa tunazitafuta zitakuwa chini ya anwani ambayo huna tena.