Usiishtaki halmashauri kabla ya siku 90 kwisha

Mhariri,

Mwezi Juni 2025 nilikaa benchi la nyuma Mahakama Kuu hapa Dodoma, nikasikia shauri la shemeji yangu likiondoshwa mahakamani kabla hajaulizwa hata jina la mashine zake. Nimefanya kazi ya ukarani wa masjala miaka mingi, na nimeona mashauri mengi yakiishia hivyo hivyo. Lake limeniuma zaidi kwa sababu madai yenyewe yalikuwa ya kweli, na alikuwa amebakiza siku 20 tu za kusubiri.

Shemeji alikuwa na banda la kukamua mafuta ya alizeti kijijini, nje ya jiji. Tarehe 14 Machi 2022 greda la halmashauri, likiwa kwenye kazi ya barabara, lilipita nje ya vigingi likaangusha banda na kuvunja mashine mbili. Hakuna aliyebisha. Aliambiwa aandike barua, akaandika. Akaambiwa amwone mtendaji wa kata, kisha ofisi ya wilaya, kisha arudi baada ya bajeti. Miaka miwili na nusu ikapita kwa mtindo huo.

Mwishoni msaidizi wa kisheria alimwandikia notisi nzuri ya kusudio la kushtaki. Ilieleza nani anadai, kitu gani kilifanyika, wapi na lini, anadai nini na kwa msingi gani. Ilipelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Halmashauri iligonga muhuri wa kupokea tarehe 2 Desemba 2024. Hadi hapo hakukosea chochote.

Kosa lilitokana na rafiki yake aliyewahi kuishtaki halmashauri mwaka 2018, akamwambia siku 30 zinatosha. Rafiki hakumdanganya. Wakati ule sheria za serikali za mitaa zilitaka notisi ya siku 30. Lakini Sheria Na. 1 ya mwaka 2020 ya marekebisho ya sheria mbalimbali ilibadilisha hilo. Tangu hapo halmashauri, na hata serikali ya kijiji, inapewa notisi ya siku 90 kama ilivyo kwa wizara, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe katika shauri. Asipounganishwa, shauri zima linabatilika. Tena madai ya namna hii hufunguliwa Mahakama Kuu hata yakiwa madogo, jambo ambalo mimi naliona ni mzigo kwa mtu wa kijijini, lakini ndiyo sheria tuliyo nayo.

Kilichomtia haraka shemeji ni kwamba madai ya madhara kama hayo yana ukomo wa miaka mitatu. Alijua mwisho wake ni 14 Machi 2025, akaingiwa na hofu. Tarehe 10 Februari akafungua shauri.

Hebu tuhesabu pamoja, maana watu wengi hukwama hapa. Siku ya kupokelewa notisi haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni 3 Desemba. Desemba inatoa siku 29, Januari 31, tunafika 60. Februari inaongeza 28, zinakuwa 88. Siku ya 90 inaangukia Jumapili, 2 Machi. Jumatatu ya tarehe 3 Machi angeweza kuingia masjala na hati yake ya madai, na bado angekuwa na siku 11 mkononi kabla ya ukomo. Yeye aliingia siku ya 70.

Mawakili wa Serikali hawakugusa habari ya greda. Waliwasilisha pingamizi la awali: kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, kinakataza shauri kufunguliwa kabla ya notisi isiyopungua siku 90. Wakasoma muhuri wa halmashauri, wakasoma tarehe ya kufunguliwa kwa shauri, wakakaa. Shemeji alijitetea kwamba siku ya kusikilizwa siku 90 zilikuwa zimeshapita zamani. Haikumsaidia, kwa sababu kinachotazamwa ni siku shauri lilipofunguliwa. Shauri lililozaliwa kabla ya wakati halikomai kwa kukaa kwenye jalada.

Baada ya uamuzi alinishika mkono akaniuliza, “Sasa si nimeambiwa naweza kufungua upya?” Ni kweli. Shauri la namna hii huondoshwa tu, halitupwi moja kwa moja, maana mahakama haijapima nani ana haki. Mwenye muda anaweza kuanza tena. Lakini yeye muda ulikuwa umekwisha miezi mitatu nyuma. Njia aliyobaki nayo ni kumwomba Waziri anayehusika na sheria amwongezee muda. Sheria ya Ukomo inamruhusu Waziri, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kuongeza hadi nusu ya muda wa awali, yaani kwa madai haya mwaka mmoja na nusu. Ni hisani anayoiomba, hawezi kuidai. Ombi limepelekwa, tunasubiri.

Ndiyo maana nawasihi wasomaji wenye madai wahesabu kinyumenyume. Shika tarehe ya ukomo, rudi nyuma siku 90, kisha rudi miezi mingine kadhaa kwa ajili ya kuzungushwa na posta. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya notisi yako kufika. Barua za kubembelezana na ofisi zisikulaze. Na usijiaminishe kwamba una miaka mitatu kabla hujauliza, kwa sababu fidia ya jambo ambalo ofisi inasema ililitenda kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa ina ukomo wa mwaka mmoja tu. Hesabu itokane na muhuri wa kupokelewa, si tarehe uliyoandika juu ya barua, na nakala yenye mihuri iambatishwe kwenye hati ya madai. Kama mnadai watu watano, majina yote matano yawemo kwenye notisi. Nimeona wanne wakiondolewa kwa sababu notisi ilikuwa ya mwenzao mmoja.

Wengine wataniuliza: je, kama tingatinga linakuja kesho? Hapo mawakili hupeleka Mahakama Kuu maombi ya zuio la muda, wanayoyaita mareva, ya kuzuia jambo lisifanyike wakati siku 90 zinaendelea kuhesabiwa. Hayo ni maombi tu, shauri lenyewe bado litasubiri. Hayakubaliwi kila mara, na lazima uonyeshe kwamba hasara inayokuja haitalipika kwa fedha.

Sipingi notisi yenyewe. Siku 90 ziliwekwa ili Serikali ichunguze na kulipa inachopaswa kulipa bila kufika mahakamani. Lakini notisi ya shemeji haikujibiwa hata kwa mstari mmoja. Naziomba halmashauri za mkoa wetu zifanye mambo mawili yasiyo na gharama. Mwanasheria wa halmashauri ajibu kila notisi kwa maandishi ndani ya siku hizo, hata kama jibu ni kukataa. Na masjala inapogonga muhuri, imwandikie mwananchi pembeni tarehe ambayo siku ya 90 inaangukia.

Karani mstaafu wa mahakama,
Dodoma