Namba ya desibeli kwenye jenereta isomwe pamoja na umbali

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuchagua jenereta za nyumbani na za dukani ilimshauri msomaji mambo mawili: anunue mashine yenye desibeli chache zaidi kwenye stika, na akiisogeza mbali mara mbili, kelele itapungua kwa nusu. Ushauri wa kwanza utampeleka kununua mashine isiyofaa. Wa pili ni kweli ukiuelewa kwa namna moja tu, tena siyo namna ambayo msomaji ataielewa.

Tuanze na stika. Jenereta nyingi ndogo hubandikwa alama yenye herufi LWA na namba kama 95 au 97. Namba hiyo haisemi sikio litapokea nini. Inasema mashine yenyewe inatoa nguvu kiasi gani ya sauti, popote utakaposimama. Desibeli 95 za LWA ni takriban wati 0.003. Mashine inayowasha friji na pampu hutoa sauti ya milliwati 3 tu, na hizo zinatosha kabisa kumkosesha jirani usingizi.

Jenereta ya pili dukani huwa na karatasi iliyoandikwa "65 dB kwa mita 7". Hiki ni kipimo kingine, yaani sauti inayofika mahali fulani. Mnunuzi anaona 95 na 65, anadhani tofauti ni desibeli 30, anatoa pesa zaidi kwa furaha. Kabla ya kulinganisha, namba zote mbili zipelekwe kwenye umbali mmoja. Kwa mashine iliyo chini, kwenye uwanja wazi, hesabu ni hii:

```
Lp = LWA − 20 log r − 8
```

Hapo Lp ni desibeli zinazofika mahali ulipo, na r ni umbali kwa mita. Logi ya 7 ni 0.845, mara 20 ni karibu 17. Basi 95 kutoa 17 kutoa 8 ni 70. Mashine ya kwanza inatoa desibeli 70 kwa mita 7, ya pili 65. Tofauti ya kweli ni 5, wala si 30. Na hata hiyo 5 iulizwe: ile 65 ilipimwa mashine ikibeba mzigo kiasi gani? Baadhi ya watengenezaji hupima kwenye robo ya mzigo, injini ikizunguka polepole, ilhali wewe utawasha pampu.

Hesabu hiyo inatokana na jambo rahisi. Sauti ikitoka kwenye chanzo kidogo kilicho ardhini hutanuka kama nusu ya tufe. Kwa mita 7, zile milliwati 3 zimetandazwa juu ya eneo la mita za mraba 308 hivi. Kwa mita 14 eneo ni 1,232, yaani mara nne. Nishati ni ileile, kwa hiyo kila mita ya mraba inapata robo. Hiyo ndiyo kanuni ya kinyume cha mraba. Robo ya ukali, kwa hesabu ya desibeli, ni pungufu ya 6: kutoka 70 unafika 64, ukienda mita 28 unafika 58. Hauendi 35, kama makala ilivyoelekea kusema. Kinachobaki nusu ni shinikizo la sauti, na hiyo ndiyo namna pekee ambayo ushauri wenu wa pili ni kweli.

Je, sikio nalo? Kwa kawaida watu husema sauti imepungua nusu pale inaposhuka kwa desibeli 10 hivi. Ili kuzipata hizo 10 kwa umbali peke yake, unahitaji kwenda mbali mara 3.2, yaani kutoka mita 7 hadi 22. Ploti nyingi za Mombasa hazina mita 22 za kuchezea.

Chukueni mfano wa duka lenye jenereta hiyo ya LWA 95, na dirisha la jirani likiwa mita 14 mbele yake. Hesabu inasema 64. Mashine imewekwa kwenye kona ya kuta mbili ili isiibiwe, na kipimo dirishani kinaonyesha karibu 70. Mashine haina kasoro. Sauti iliyokuwa itandazwe kwenye nusu ya tufe sasa imebanwa kwenye robo ya hiyo nusu, kwa hiyo ukali unaweza kufika mara nne, nyongeza ya desibeli 6. Kona imekula faida yote ya kutoka mita 7 hadi 14. Ukuta mmoja tu ungeongeza hadi 3. Ndiyo maana fundi mzuri huangalia kuta kabla hajakubali kununua waya mrefu wa kuisogezea mashine.

Kujua kama kanuni inafanya kazi mahali pako, pima mita 7, kisha mita 14, kwa chombo kilekile, urefu uleule kutoka chini, mzigo uleule. Simu inafaa kwa kazi hii, maana unatafuta tofauti. Namba yake yenyewe usiibebe mahakamani. Zikishuka 6 hivi, uko sawa. Zikishuka 3 au 4, zima jenereta upime tena palepale. Kama kelele ya mtaa peke yake iko chini kwa desibeli 10 au zaidi, mtaa hauna hatia. Tafuta kuta, au uchochoro unaoiongoza sauti isitanuke. Kama mtaa uko karibu sana na namba uliyopata jenereta ikiwaka, basi unapima barabara. Jenereta ya 58 na barabara ya 58 kwa pamoja husomeka 61, si 116.

Na msipime mkiwa mmeinama juu ya mashine. Karibu sana, jenereta si nukta: bomba la moshi liko upande mmoja, feni upande mwingine, na namba hubadilika ukisogea hatua moja. Anzeni kwenye umbali ulio angalau mara kadhaa ya urefu wa mashine.

Kuhusu sheria, kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi. Kutoka 70 kwa mita 7, kushuka hadi 50 ni mara 10 ya umbali: mita 70. Kushuka hadi 35 ni mara 56, karibu mita 400. Kwa umbali huo hewa, ardhi na majengo vitapunguza zaidi ya hesabu yetu, lakini ujumbe uko wazi: stima ikipotea usiku, umbali peke yake hauwezi kumwokoa mwenye duka. Itabidi apate mashine yenye LWA ndogo, au ajenge kibanda chenye kuta nzito na njia ya hewa iliyopinda, huku moshi ukitolewa nje kabisa. Kibanda cha mabati matupu kilichoachwa wazi upande wa jirani ni kona nyingine tu.

Tunaomba mtakapochapisha tena jedwali la bei, safu ya desibeli iwe na LWA kwa mashine zote, au mita 7 kwa zote, na mzigo uliotumika wakati wa kupima.

Walimu wa fizikia na mafundi wa jenereta,
Mombasa