Muda wa kusubiri kliniki uhesabiwe kuanzia getini

Mhariri,

Wenzetu wanaoandaa ikisiri za kongamano kuhusu kupunguza foleni ya kliniki ya wajawazito, tunawaomba waseme saa yao ilianzia wapi. Mama akifika saa 12 asubuhi na daftari likafunguliwa saa 2, anayehesabu kuanzia daftarini amefuta saa mbili nzima za benchi. Mlinzi ampe karatasi yenye saa ya kufika, kisha mezani kwa presha, maabara na kwa mkunga, kila mmoja aandike saa yake.

Wastani nao hupotosha. Tuseme akina mama watano walisubiri dakika 40, 50, 60, 70 na 300, wa mwisho kwa sababu vitendanishi viliisha maabara. Wastani ni 104, ila namba ya katikati ni 60. Ziandikwe zote mbili, pamoja na kilichomkwamisha yule wa tano.

Tena waonyeshe muda mama aliokaa na mkunga. Ukishuka kutoka dakika 15 hadi 6, huenda foleni imepungua kwa kukatwa maelezo ya dalili za hatari, kama kutokwa damu au kuumwa sana kichwa.

Wakunga wawili,
Tanzania