Muhogo una kutu: barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Kigombe, wilaya ya Muheza, njia ya kwendea Pangani. Nina meza, mwavuli, na ekstensheni ya kuchajia simu za watu. Anayetaka kujua kijijini nani ana simu ya aina gani asihangaike na dodoso. Aje akae na mimi asubuhi moja tu.

Nakuandikia kwa sababu ya muhogo.

Mwezi wa pili shangazi yangu alikuja mezani na muhogo mmoja kaufunga kwenye pembe ya kanga. Kwa nje ulikuwa mzima, ganda safi. Akaukata mbele yangu kwa kisu, na ndani mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. "Mwanangu, muhogo una kutu," akasema. "Hebu iulize hiyo simu yako, maana naona vijana siku hizi wanaiuliza kila kitu. Nipande pingili zake au nisipande?"

Swali lake lilikuwa la haraka kuliko linavyosikika. Masika yalikuwa yanakaribia, na mkulima wa muhogo hanunui mbegu dukani. Hukata pingili kwenye mashina ya shamba lake, au la jirani, akazipanda. Kama shina ni gonjwa, pingili yake ni gonjwa, na shamba la mwakani limekwisha kuharibika kabla halijapandwa.

Nikafungua chombo kimoja cha akili unde ambacho watu wanakisifia sana, nikabonyeza alama ya kipaza sauti, nikampa simu aseme mwenyewe. Akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Mrima: "Muhogo wangu nikiukata ndani una kutu." Kwenye kioo yakaandikwa maneno "mgongo wangu", na jibu likaja la kumpa pole na kumshauri asinyanyue vitu vizito. Tulicheka sana, na wateja wakacheka. Nikaamua kuandika mwenyewe kwa vidole.

Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Simu ilisoma "kutu" ikalichukua kuwa ni ule ugonjwa wa ukungu unaoacha vumbi jekundu kwenye majani ya mimea mingine, ule ambao kwa lugha nyingine huitwa kwa jina hilohilo la kutu ya chuma. Ikamwelekeza kununua dawa ya ukungu na kupuliza mara kadhaa. Jibu lilikuwa na Kiswahili kizuri, limepangwa vizuri, na halikuwa na hata chembe ya shaka. Lau si kwamba niliwahi kumsikia afisa ugani akieleza, ningempa shangazi nauli ya kwenda Muheza mjini kununua sumu isiyomsaidia kitu. Ule ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huletwa na virusi, huenezwa na nzi weupe na pingili zenyewe, na hauna dawa ya kupuliza. Dawa yake ni kuchagua mbegu.

Sasa, Mheshimiwa, kipo chombo kingine kinachoujua ugonjwa huu barabara. Kinaitwa PlantVillage Nuru, kimetengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na kituo cha utafiti wa kilimo cha IITA. Unaelekeza kamera kwenye jani, nacho kinakwambia kama kinaona michirizi au batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Kina Kiswahili, na ukishakiweka kwenye simu kinatambua jani hata pasipo mtandao. Nilikipakua palepale mezani, bando langu la siku likaishia hapo, tukaenda shambani.

Niseme kidogo jinsi kazi inavyokwenda, maana ndani yake kuna hoja yangu. Batobato hutafutwa juu, kwenye majani machanga yaliyojikunja. Michirizi hutafutwa chini, kwenye majani yaliyokomaa, ambako unjano hufuata vile vishipa vidogo vya jani. Februari ni kiangazi, na majani mengi ya chini yalikuwa yameshapukutika, kwa hiyo baadhi ya mashina hayakuwa hata na cha kupigwa picha. Kwenye yale yaliyokuwa nayo tulipima jani zaidi ya moja kwa kila shina. Kila shina lililoonyesha ugonjwa shangazi alilifunga kipande cha kanga kuukuu. Halafu tukang'oa mashina machache ambayo simu haikuyaona na ubaya, na moja kati ya hayo lilikuwa na mabaka vilevile mzizini. Kamera huona jani. Mzizi uliozikwa haiuoni. Kwa hiyo tukakubaliana: pingili zitoke kwenye shina ambalo jani lake limepita kwenye simu na mzizi wake umepita kwenye kisu.

Kupima jani zaidi ya moja si mbwembwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba Nuru kwa jani moja ilipatia kama mara 65 katika 100, na kwa majani sita kwa shina ikafika kati ya 74 na 88. Maafisa ugani waliopimwa walipata kati ya 40 na 58. Wakulima wenyewe walipata 18 hadi 31. Tazama tarakimu hizo, Mheshimiwa, kisha ujiulize kati ya hao ni nani anayekihitaji zaidi chombo hiki, na ni nani mwenye simu ya kukibeba.

Shangazi ana kitochi. Ana laini, ana akaunti ya kupokelea fedha, anajua kupiga, kupokea na kubipu. Nyumbani kwake simu ya kupangusa ipo, ni ya mwanawe, lakini mwanawe anafanya kazi Tanga mjini na simu inaondoka naye alfajiri na kurudi usiku, wakati jani halionekani. Nyumba nyingi hapa ziko hivyo. Mume ana ya kupangusa, mke ana kitochi kilichokuwa cha mume. Kwenye dodoso nyumba hiyo itaandikwa "wana simu janja". Shambani anayeshinda ni mama.

Na mnara upo. Tena unaonekana kutoka mezani kwangu. Nalisema hili kwa sababu kila kiongozi akija hutuahidi minara, nasi tunapiga makofi. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, umoja wa makampuni ya simu duniani, katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara watu kama 13 katika 100 ndio wanaoishi mahali ambako intaneti ya simu haifiki. Wanaoishi ambako inafika lakini hawaitumii ni kama 60. Shangazi yuko kwenye hao 60. Mnara wa pili hautamsaidia.

Kuna jambo jingine linaniuma, nalo ni la kihistoria. Ugonjwa huu wa michirizi ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti Storey, pale Amani, milimani kwetu, katika wilaya hiihii ya Muheza. Na picha za majani zilizotumika kuifundisha mashine kuutambua, zile za utafiti wa mwaka 2017 uliotangulia Nuru, zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Kwa maneno mengine ugonjwa ni wa pwani, jina lake kitaalamu lilizaliwa pwani, na darasa la mashine lilikuwa pwani. Sina ugomvi na watafiti, wamefanya kazi nzuri na chombo chao hakiuzwi. Lakini jani lilitoka hapa likaenda likarudi likiwa kwenye kioo, na mwenye shamba hana kioo.

Naona sauti zetu zinafuata njia hiyohiyo. Mwaka 2022 ulitolewa mfumo wa kutambua usemi uitwao Whisper, ambao umekuwa msingi wa vyombo vingi vya sauti. Ulifundishwa kwa saa 680,000 za rekodi. Ndani yake, rekodi za Kiswahili zenye maandishi yake neno kwa neno hazikufika saa 10. Baadaye watu wengi wamejitolea kusoma sentensi za Kiswahili kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, na hali imekuwa bora. Lakini anayejitolea kusoma sentensi kwenye kioo ni mtu mwenye kioo, mwenye bando na aliyesoma. Bibi wa Kigombe, Mdigo wa Mkinga, Mzigua wa Handeni anayesema Kiswahili chenye lahaja ya kwao, ni vigumu kuwamo. Hapo ndipo muhogo unapogeuka mgongo.

Ninachokuomba si kikubwa.

Kwanza, mradi wowote wa akili unde kwa wakulima unaopita mikononi mwa serikali usipewe baraka mpaka uonyeshe mlango wa kitochi. Menyu za nyota na reli peke yake hazitoshi. Ujumbe mmoja hubeba herufi zisizozidi 182, na aliyeacha shule mapema hasomi kwa kasi ya kuiwahi menyu kabla haijajifunga. Mlango wa kweli ni namba ya bure ya kupiga na kusema. Nyuma yake akae mtu anayejua kuwa kutu ya muhogo si ukungu, mpaka hapo mashine itakapolijua hilo.

Pili, kamera isiyo ya shangazi inaweza kufika kwa shangazi. Sisi mawakala tuko kila kijiji. Tupeni simu moja yenye Nuru ndani na mafunzo ya siku mbili kutoka kwa afisa ugani, na posho ndogo kwa kila shamba tutakalopima kabla pingili hazijakatwa. Napendekeza tuanze mapema kuliko nilivyoanza na shangazi, majani ya chini yangalipo.

Tatu, zikusanywe sauti za hapa kwa ridhaa na kwa malipo, watu wakiwa shambani wanasema mambo yao kwa maneno yao, si kusoma sentensi. Na orodha ya maneno yao ya magonjwa iwekwe wazi kwa kila mtengenezaji.

Shangazi amepanda pingili za mashina yaliyopita, chache kuliko alivyotaka. Sehemu ya shamba iliyobaki ameiacha tupu, anatafuta mbegu ya Kiroba, maana amesikia inastahimili michirizi. Ameniuliza kama simu inajua inakopatikana. Nimemwambia nitaandika barua.

Wako mtiifu,
Wakala wa fedha na vocha,
Kigombe, Tanga