Mwongozo wa kusahihisha, someni kabla ya Jumamosi

Wakuu habari za jioni. Kwenye mtihani wa kutafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili, ile pasiji ya tangazo la leseni za wavuvi nimeibakiza, maneno kama 250 hivi, ila nimetoa ile sentensi ya mwisho maana hata kwa Kiingereza haieleweki, tusimkate mtu maksi kwa uzembe wa mwandishi.

Sasa kwenye kusahihisha ndo tunapotofautiana. Chukueni ile sehemu ya kulipa ndani ya siku 14. Aliyeandika "kabla siku 14 hazijaisha" hakatwi kitu, hata kama wewe usingeandika hivyo. Aliyeandika "baada ya siku 14" anakatwa 5, hata kama Kiswahili chake kinateleza kama sato, kwa sababu mvuvi wa Kirumba akimfuata atachelewa na atapigwa faini. Kwahiyo kabla hujachora wino mwekundu jiulize, msomaji atafanya au ataelewa kitu tofauti? Kama hapana, hiyo ni staili, andika pembeni tu bila maksi. Kosa likijirudia linahesabiwa mara moja.

Kila karatasi isahihishwe na wawili, na msioneshane maksi kwanza jamani. Mkipishana, nileteeni sentensi yenyewe siyo jumla.