Shati moja, viwiliwili viwili

Swahiba,

Salamu zako zimefika, na picha ya harusi nimeiona. Unauliza kwa nini lile shati jeupe la mtumba, ambalo mwenzake ninalo mimi, linakufupisha wewe wakati mimi linanikaa. Shati halina kosa. Unakumbuka tukisimama tuko sawa, lakini tukikaa kwenye benchi mimi naonekana mdogo wako? Urefu wako uko kiwiliwilini, wangu uko miguuni.

Shati likiachiwa nje, jicho linaanza kuhesabu miguu pale pindo linapoishia. Lako limeshuka hadi mapajani, na miguu yenyewe ilikuwa mifupi tangu mwanzo. Wewe chomekea, tena suruali uivae kiunoni hasa, karibu na kitovu. Ukichomekea kwenye suruali iliyoshuka nyongani, kiwiliwili kinazidi kurefuka.

Mimi nikichomekea, suruali inaonekana kama imenifika kifuani, kwa hiyo naachia. Ila mashati yale yana mikia mbele na nyuma, yalishonwa ili yachomekewe. Langu nilimpelekea fundi alikate pindo liwe sawa, aache mpasuo mdogo ubavuni. La kwanza aliliharibu: alinipima nimesimama mikono chini, basi siku ya kwanza kushika bomba la daladala, abiria wote wakakiona kitovu changu. Sasa napima pindo lifunike mkanda na kuishia katikati ya zipu, halafu nainua mikono juu kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Ile ya kuchomekea mbele tu, nyuma likaning'inia, waachie wenye tumbo bapa. Inawapa kiuno wale wasio nacho, lakini kwako chuma cha mkanda kitakaa palepale unapotaka watu wasitazame. Ndiyo, kitambi nimekiona, usijifiche nyuma ya bibi harusi.

Na hapo ndipo kesi yako inapokuwa ngumu, kwa sababu miguu inataka uchomekee, kitambi kinataka uachie. Wazee wetu kitambi walikifichia ndani ya Kaunda suti: pindo limenyooka, linaanguka wima, haligusi tumbo. Fanya hivyo siku za kawaida, ila pindo lisivuke katikati ya zipu. Ukilazimika kuchomekea kazini, shika kitambaa kinachozidi kwenye mishono ya ubavuni, kikunje kuelekea mgongoni pande zote mbili, ndipo ufunge mkanda. La sivyo shati litajaa juu ya mkanda kama gunia la mkaa.

Lile jeupe usimpe mtu. Ukija mwezi ujao tutalipeleka kwa fundi yuleyule, ila njoo umelivaa, na mikono utaiinua mbele yake.

Wako,
Mwenye miguu